Kanuni ya 8(1)(b)(ii) imepotelea wapi? Kupanga upya kanuni iliyoskaniwa bila kuvuruga ngazi zake

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo Matangazo ya Serikali ya Kiswahili, ambamo kanuni huchapishwa, yamekuwa yakizunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, ya wafanyabiashara, ya walimu, ya watendaji wa kata. Yanazunguka kwa namna ileile: mmoja anaskani tangazo, mwingine anatoa maandishi kwenye picha, wa tatu anayapanga upya ili yasomeke vizuri kwenye simu. Halafu ubishi unaanza. Huyu anasema kanuni ya 6(2)(c) inamtaka mwenye duka alipe, yule anafungua nakala yake na kukuta kanuni ya 6(2) inaishia (b). Wote wawili wanasoma kanuni moja, na huenda maneno yote yamo katika nakala zote mbili. Kilichoharibika ni ngazi.

Tuanze na majina ya ngazi hizo, maana bila hayo hatutaelewana. Katika sheria iliyotungwa na Bunge, kipande kikuu chenye namba huitwa kifungu. Chini yake kuna kifungu kidogo, chenye namba ndani ya mabano, yaani (1), (2). Chini ya hicho kuna aya, zenye herufi, (a), (b), na chini ya aya kuna aya ndogo, zenye namba za Kirumi, (i), (ii). Katika kanuni zinazotungwa na waziri chini ya sheria hiyo, mpangilio ni huohuo, ila kifungu kinaitwa kanuni na kifungu kidogo kinaitwa kanuni ndogo. Katiba nayo inasema ibara na ibara ndogo. Kwa hiyo anayeandika "kanuni ya 8(1)(b)(ii)" anataja ngazi nne kwa mkupuo: kanuni ya 8, kanuni ndogo ya (1), aya ya (b), aya ndogo ya (ii).

Mnyororo huo ni anwani, na unafanya kazi kama namba za nyumba mtaani. Nyumba namba 5 ikibomolewa, jirani wa namba 6 haitwi namba 5 kesho yake, maana barua zake, bili zake na hati zake zote zinasema 6. Sheria hufuata mantiki hiyohiyo. Kifungu kikifutwa, namba yake hubaki na neno kwamba kimefutwa. Kipya kikiingizwa katikati, hupewa herufi. Ndiyo maana Katiba ya Tanzania ina ibara ya 107A na 107B kabla ya kufika 108, na 113A kabla ya 114. Aliyezipanga upya zikawa 108, 109 na 110 kwa sababu "ndiyo mfuatano sahihi" amefanya kila hukumu, kila barua na kila fomu inayotaja ibara ya 108 na zinazofuata ielekeze pasipo.

Basi kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kwamba alama ya ngazi ni maandishi, hainukuliwi kwa kuhesabu. Unaiandika kama ilivyochapwa. Programu za kuandikia hazikubaliani na jambo hili, na hapo ndipo uharibifu mwingi unapotokea bila mtu kugundua. Ukiandika "(a)" na kuendelea, Word huigeuza kuwa orodha inayojihesabu yenyewe. Herufi unayoiona haimo tena kwenye maandishi yako, ni programu inayoichora. Futa mstari mmoja juu yake, na (d) inakuwa (c) kimyakimya. Wanaoandika kwa Markdown, mtindo wa kupanga maandishi kwa alama za kawaida, wana mtego wao. Tuseme kanuni ya 5 imefutwa nawe ukaiacha nje:

```
4. Leseni
6. Ada
```

Kwenye skrini hiyo itasomeka 4 na 5. Markdown huangalia namba ya kwanza tu ya orodha, zinazofuata inajihesabia yenyewe. Dawa yake ni kuweka mkwaju wa nyuma kabla ya nukta ya kila namba, `4\.` na `6\.`, na kuacha mstari mtupu kati ya mistari hiyo, ili ijue kwamba hiyo si orodha. Kwenye HTML unaweza kuilazimisha kwa `<li value="6">`. Kwenye Word, kama waraka umeshajaa namba zinazojihesabu na umehakikisha kwamba kwa sasa ziko sahihi, bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G, uandike mstari huu na kubonyeza Enter:

```
ActiveDocument.ConvertNumbersToText
```

Kuanzia hapo kila namba ni maandishi ya kawaida na haitacheza tena.

Hayo ya programu ni mepesi. Ugumu wenyewe uko katika kujua mstari upi ni wa ngazi ipi, pale karatasi iliyoskaniwa inapokuwa imeshapoteza umbo lake. Nimetunga mfano mdogo kwa ajili ya makala hii (usiutafute kwenye Gazeti la Serikali). Ni kanuni ya 8 ya kanuni za maghala ya nafaka, na haya ndiyo maandishi jinsi programu ya kusoma picha inavyoweza kuyatoa:

```
8.-(1) Mwendesha ghala ambaye-
(a) anapokea nafaka bila kutoa stakabadhi;
(b) anatoa stakabadhi-
Makosa na
(1) isiyo na uzito wa nafaka; au
adhabu
(11) yenye uzito wa uongo; au
(e) anazuia ukaguzi,
anatenda kosa na akitiwa hatiani atatozwa
faini isiyopungua shilingi laki tano.
```

Mistari yote imeanzia ukingoni. Watu wengi huamini kwamba ngazi hujulikana kwa kuangalia mstari umeingia ndani kiasi gani, na kwenye karatasi safi ni kweli. Lakini karatasi iliyoskaniwa ikiwa imepinda, mistari ya juu ya ukurasa huweza kuonekana imeingia ndani kuliko ya chini, na programu nyingi hutupa kabisa nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari. Kwa hiyo kuingia ndani ni ushahidi wa nyongeza tu. Mashahidi wa kuaminika zaidi ni wawili: alama za uandishi zilizo mwishoni mwa mstari, na sarufi ya sentensi.

Kabla ya kuwaita mashahidi hao, ondoa takataka. "Makosa na adhabu" ni maelezo ya pembeni. Kwenye Tangazo la Serikali huchapwa kwa herufi ndogo kando ya kanuni, na programu inayosoma picha kutoka kushoto kwenda kulia huyachomeka katikati ya sentensi. Yatoe, yaunganishe, yaweke kuwa kichwa cha kanuni ya 8. Ukikuta pembeni pameandikwa "Sura ya" na namba, hicho si kichwa. Ni rejea ya sheria iliyotajwa kwenye mstari wa jirani, na mahali pake ni kwenye mstari huo. Kila ukurasa pia huwa na mstari wa juu unaorudia namba ya tangazo na neno "Linaendelea". Usipouondoa utaukuta umekaa katikati ya aya iliyovuka ukurasa, na aya moja itaonekana kama mbili.

Sasa angalia "8.-(1)". Hapo ngazi mbili zimekaa mstari mmoja, namba ya kanuni na namba ya kanuni ndogo ya kwanza. Ni mtindo wa kawaida wa uchapaji wa sheria zetu, na unawakosesha wengi. Wanaichukua "8.-(1)" kama alama moja, kisha "(2)" inapokuja wanaiweka chini ya "8.-(1)" kama mtoto wake, wakati ni mdogo wake wa kuzaliwa. Itenganishe mapema: 8 peke yake na kichwa chake, kisha (1) chini yake.

Tukitoka hapo tunakutana na kistari. Mstari unaoishia kwa kistari, kama "ambaye-" na "stakabadhi-", unafungua ngazi mpya chini yake. Mstari unaoishia kwa nukta mkato unasema bado tuko kwenye orodha ileile. Unaoishia kwa nukta unafunga sentensi nzima. Na kipengele cha mwisho cha orodha kikiishia kwa mkato, huku mstari unaofuata ukiwa hauna alama yoyote, jua kwamba kuna mkia unakuja. Kwa kanuni hizo peke yake, tazama kinachotokea kwa ile "(1)" iliyo chini ya (b). Mstari wa juu yake uliishia kwa kistari, kwa hiyo hapa ni lazima pawe na ngazi mpya, ya chini ya aya. Ngazi ya chini ya aya huandikwa kwa namba za Kirumi. Kwa hiyo hiyo si (1), ni (i) iliyosomwa vibaya, na "(11)" ni (ii). Asiyejua hili angepata kanuni ndogo ya (1) mara mbili, kisha kurukia kanuni ndogo ya 11. Ile "(e)" nayo inakuja baada ya (a) na (b), na hakuna (c) wala (d) popote. Ni (c) ambayo wino wake ulifumba. Ila usiibadilishe kwa kukisia. Rudi kwenye picha, ikuze, uitazame.

Makosa haya ya kusoma yana ukoo. Tatu ya Kirumi, (iii), hutokea kuwa (m). Herufi (l) hutokea kuwa (1), na (b) kuwa (6) au (h). Ukiyajua, unajua pa kukagua.

Kuna utata mmoja ambao hata mashine isiyokosea haiwezi kuutatua, nao ni wa (i). Alama hiyohiyo ni herufi ya tisa na pia ni moja ya Kirumi. Orodha ikifika (h) kisha (i) kisha (j), hakuna shida: iliyofuata ni (j), basi ni herufi. Lakini ikiwa (h) ina aya ndogo zake, utaona (h), (i), (ii), (i), (j), na (i) zote mbili ni halali. Ya kwanza ni aya ndogo ya (h). Ya pili ni aya inayojitegemea, ndugu yake (h). Kinachozitenganisha ni kile kistari mwishoni mwa (h), pamoja na kilichofuata kila moja. Kwa hiyo usiamue (i) ni nini kabla hujasoma alama iliyo mbele yake. Ndivyo ilivyo kwa (v) inayokuja baada ya (u) na (v) inayokuja baada ya (iv).

Turudi kwenye mfano, maana sehemu yenye madhara makubwa hatujaifikia. Ni mistari miwili ya mwisho, ile isiyo na alama yoyote: "anatenda kosa na akitiwa hatiani atatozwa faini". Anayepanga kwa haraka huiunganisha na (c), kwa kuwa iko chini yake na haina alama yake. Matokeo yake, anayezuia ukaguzi ndiye pekee mwenye kosa, na aya za (a) na (b) zinabaki zikining'inia bila kitenzi kikuu. Mkia huo ni wa kanuni ndogo ya (1). Unakamilisha sentensi iliyoanza na "Mwendesha ghala ambaye", kwa hiyo unazihusu aya zote tatu sawasawa.

Kuna jaribio la kuthibitisha hilo ambalo halihitaji mtaalamu wa sheria. Chukua kila tawi, ulisome kutoka juu hadi mwisho kama sentensi moja. "Mwendesha ghala ambaye anapokea nafaka bila kutoa stakabadhi anatenda kosa." Imekamilika. "Mwendesha ghala ambaye anatoa stakabadhi yenye uzito wa uongo anatenda kosa." Imekamilika. "Mwendesha ghala ambaye anazuia ukaguzi anatenda kosa." Imekamilika. Sasa jaribu kuuweka mkia chini ya (c) peke yake na usome tawi la (a): "Mwendesha ghala ambaye anapokea nafaka bila kutoa stakabadhi." Amefanyaje? Sentensi imekatika, na kukatika huko ndiko kunakokuambia mkia uko ngazi isiyo yake.

Mfano ukishawekwa sawa unakuwa hivi:

```
8. Makosa na adhabu
  (1) Mwendesha ghala ambaye-
    (a) anapokea nafaka bila kutoa stakabadhi;
    (b) anatoa stakabadhi-
      (i) isiyo na uzito wa nafaka; au
      (ii) yenye uzito wa uongo; au
    (c) anazuia ukaguzi,
  anatenda kosa na akitiwa hatiani atatozwa
  faini isiyopungua shilingi laki tano.
```

Mkia umerudi nje hadi usawa wa (1). Kama programu yako ya ngazi inataka kila mstari uwe chini ya mwingine, ufanye mkia kuwa kipengele kisicho na alama chini ya (1), baada ya (c). Usiupe (d) kwa ajili ya kupendezesha. Ukifanya hivyo umetunga aya ambayo waziri hakuitunga.

Tazama pia zile "au" mbili zilizo chini ya (b), maana zinafanana na hazifanyi kazi moja. Ya kwanza, mwishoni mwa (i), inaunganisha (i) na (ii). Ya pili imechapwa mwishoni mwa (ii), lakini kazi yake ni kuunganisha (b) na (c), ngazi moja juu. Mtu akiona kwamba (ii) ndiyo ya mwisho katika orodha yake, huiona hiyo "au" kuwa imezidi na kuifuta. Katika orodha ya makosa kama hii, kuifuta kunaacha shaka. Katika orodha ya masharti, ambapo "na" ina maana yote yatimizwe na "au" ina maana moja linatosha, kuifuta kunaacha kanuni bila jibu la swali ambalo mwombaji wa leseni atakuwa nalo la kwanza. Na usidhani "na" na "au" hufanya kazi kwa mistari miwili inayozizunguka tu. Kiunganishi kinachoandikwa baada ya kipengele cha kabla ya mwisho huhesabika kwa orodha nzima.

Mistari mingine isiyo na alama ni ile inayoanza na "Isipokuwa kwamba". Hiyo ni masharti ya ziada, na swali lake ni lilelile: inapunguza nguvu ya nini? Mara nyingi ni kanuni ndogo nzima, lakini inaweza kuwa aya moja. Hapa jaribio la kusoma tawi halitoshi kila mara, kwa kuwa sharti la ziada ni sentensi kamili peke yake. Hapa ndipo ile nafasi ya mwanzo wa mstari, shahidi tuliyemdharau, inapohitajika. Fungua picha ya ukurasa uone mstari umelingana na nini.

Kanuni ya tafsiri, ambayo kwa kawaida iko mwanzoni kabisa, ina umbo lake. Maneno yanayofafanuliwa hayana namba. Yamepangwa kwa alfabeti ndani ya alama za kunukuu, na kila moja linaweza kuwa na (a), (b) zake. Kwa hiyo (a) inaweza kutokea mara kumi ndani ya kanuni moja bila kosa lolote. Weka kila neno kuwa ngazi yake, usilipe namba, na utaje kwa neno: tafsiri ya "ghala", aya ya (b). Majedwali ya mwishoni nayo huanza kuhesabu upya kutoka 1, hivyo lazima yakae kando na mwili wa kanuni, la sivyo utakuwa na kanuni ya 1 mbili.

Ukimaliza, ukaguzi wenye faida kuliko wote ni wa rejea za ndani. Kanuni hujitaja zenyewe kila wakati: "bila kuathiri kanuni ndogo ya (1)", "kwa madhumuni ya kanuni ya 8(1)(b)". Tafuta kila rejea ya namna hiyo, uifuate ndani ya nakala yako, usome ilikokupeleka. Haitoshi kwamba mahali hapo papo. Maneno yake yaendane na yale yaliyokutuma. Kanuni ya 12 ikisema "stakabadhi iliyotajwa katika kanuni ya 8(1)(b)", nawe ukifika unakuta habari za ukaguzi, kuna herufi imeteleza mahali fulani kati ya (a) na (c).

Wakati mwingine utafuata rejea, utarudi kwenye picha, utaikuza, na utagundua kwamba kosa limo kwenye tangazo lenyewe: (c) mbili zimefuatana, au rejea inataja kanuni ndogo isiyokuwepo. Hapo usisahihishe. Kurekebisha ni kazi ya mwenye mamlaka, kwa tangazo lingine, na hadi atakapofanya hivyo kilichochapwa ndicho kilichopo. Andika (c) zote mbili kama zilivyo, na pembeni, ndani ya mabano ya mraba, weka "[hivyo ndivyo ilivyo katika tangazo]" ili msomaji anayefuata asije akadhani ni wewe uliyekosea na kukurekebishia.